Kabla ya Nembo Kupanda Kwenye Bango

Swali la kwanza ambalo fundi wa duka la mabango humuuliza mteja ni kama ana faili halisi la nembo. Mteja hutoa simu, hufungua kundi la WhatsApp, hupekua hadi ujumbe wa mwaka juzi, kisha humwonyesha nembo aliyoituma katibu siku chama kilipokuwa kinafungua akaunti benki. Kwenye kioo cha simu inapendeza. Ikishachapwa kwa upana wa sentimita 80, kingo za duara zina meno, herufi ndogo zimevimba, na nembo nzima imezungukwa na uzi mweupe unaoonekana wazi juu ya bluu ya bango.

Hapo fundi hulaumiwa, na printa yake pia. Mara nyingi wote wawili hawana kosa. Kosa lilifanyika kabla, pale nembo ilipotolewa kwenye mistari na kuwa picha ya pikseli. Ni kazi ya dakika chache, lakini bango zima linaitegemea, na nimeona pesa nyingi za vikundi vidogo zikipotea kwa sababu hakuna aliyewaeleza watu hawa hesabu yake.

Nembo iliyochorwa kitaalamu huhifadhiwa kama vekta. Ndani ya faili lake hakuna picha, kuna maelezo: duara lenye kitovu hapa na nusu kipenyo hiki, mkunjo unaotoka nukta hii kwenda ile, rangi fulani ya kujaza. Kompyuta husoma maelezo hayo na kuchora upya kila inapoambiwa ukubwa, ndiyo maana nembo ya namna hii haina ukubwa wake wa asili. Mafaili yake huishia na SVG, PDF, EPS, AI au CDR. Picha ya pikseli ni kitu kingine. Hiyo ina vyumba vidogo vya mraba vilivyopangwa safu kwa safu, kila kimoja na rangi yake, na idadi yake imeshafungwa. Ukiitaka iwe kubwa zaidi, vyumba vinapanuliwa au kompyuta inabuni vingine vya kujazia katikati. Kitu kipya hakiongezeki. PNG, JPEG na TIFF zote ni za aina hii.

Printa ya mabango nayo mwisho wa yote huchapa vitone, kwa hiyo lazima vekta igeuzwe mahali fulani. Duka lenye programu nzuri ya kuendeshea printa hupokea PDF ya vekta na kuigeuza lenyewe kwa kipimo cha mashine. Likikubali hivyo, mpe PDF hiyo, herufi zote zikiwa zimegeuzwa kuwa maumbo ili kompyuta isiyo na fonti yako isiweke fonti nyingine. Lakini maduka mengi hupanga bango kwenye programu ya picha, au yameshachoshwa na PDF zinazobadilika rangi na kupoteza vivuli, hivyo hudai TIFF au JPEG. Ndipo kazi ya kugeuza inakuwa yako.

Tuchukue bango moja na tulifuate mpaka mwisho. Chama cha kuweka na kukopa kinaandaa mkutano mkuu wa mwaka. Bango ni la fleksi, mita 3 kwa mita 1, litatundikwa nyuma ya meza kuu. Nembo ni ya duara, itakaa kushoto kwa upana wa sentimita 80, na kwenye ukingo wake jina la chama limezunguka kwa herufi ambazo kwenye bango zitakuwa na kimo cha sentimita 2. Baada ya mkutano wanachama watasimama mbele ya bango kupiga picha, kwa hiyo wapo watakaoliona kwa umbali wa mita moja.

Wengi hapa hukimbilia 300. Hiyo ni hesabu ya kitabu na jarida, vitu vinavyosomwa mkononi: pikseli 300 kwa kila inchi. Jaribu kuipeleka kwenye bango hili. Mita 3 ni inchi 118, mita 1 ni inchi 39 na ushee. Utapata picha ya pikseli 35,433 kwa 11,811, jumla zaidi ya milioni 418. Kwa wino nne za uchapaji hiyo ni gigabaiti 1.67 kabla ya kubanwa, na faili la kawaida la Photoshop, lile la PSD, halikubali hata kufunguliwa kwa upana huo kwa sababu mwisho wake ni pikseli 30,000 kwa upande. Kompyuta ya duka itakwama, foleni itasimama nyuma yako, na bango likitoka hakuna atakayeona tofauti.

Sababu ya kutoiona iko kwenye jicho lenyewe. Jicho zima hutenganisha vitu viwili vikiwa vimeachana kwa pembe ya takriban dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa umbali wa mita moja pembe hiyo ni upana wa milimita 0.3. Kwa mita mbili ni milimita 0.6, kwa mita tano ni milimita moja na nusu. Ukijua mtazamaji wa karibu kabisa atasimama wapi, umeshajua pikseli inaweza kuwa kubwa kiasi gani bila yeye kuiona. Mtu wetu yuko mita moja, hivyo pikseli isizidi milimita 0.3. Inchi ina milimita 25.4, na humo zinaingia pikseli kama 85 au 90.

Kwa picha ya mtu au mandhari hesabu ingeishia hapo. Nembo inadai zaidi, kwa sababu ni maumbo yenye kingo kali: nyeupe inakutana na bluu bila kitu katikati. Jicho letu lina uwezo wa pekee wa kugundua mstari uliokatika na kusogea kidogo, hata pale msogeo huo ni mdogo kuliko kitu ambacho lingeweza kukitenganisha peke yake. Ndiyo maana meno ya ukingo wa duara huonekana mapema kuliko ukungu wa picha. Kwa hiyo kwa nembo na maandishi mimi huongeza hesabu ya jicho karibu mara mbili. Kwa bango letu nachukua 150 kwa inchi, pikseli yenye upana wa milimita 0.17, na sioni sababu ya kupanda zaidi ya hapo. Fleksi ni wavu wa poliesta uliopakwa plastiki. Wino unapotua juu yake husambaa kidogo, na printa yenyewe huunda kila rangi kwa kuchanganya vitone vingi vya wino chache. Namba kubwa zinazosomeka kwenye mashine, 720 au 1440, zinahesabu vitone hivyo vya wino, si pikseli za picha yako. Ni vipimo viwili tofauti, na kuvichanganya ndiko kunakowafanya watu watafute picha za 1440.

Sasa hesabu ya nembo yenyewe. Sentimita 80 gawanya kwa 2.54 unapata inchi 31.5. Zidisha kwa 150, unapata pikseli 4,724. Hiyo ndiyo namba pekee unayoihitaji, na imepatikana kwenye kipimo cha kitambaa na mahali pa kusimama mtu. Kwa Inkscape, programu ya bure ya kuchora vekta, toleo la 1.0 na kuendelea, unaweza kuiandika kwa amri moja:

```
inkscape nembo.svg --export-area-drawing --export-width=4724 --export-filename=nembo_80cm.png
```

Sehemu ya `--export-area-drawing` inaiambia programu ichukue mchoro wenyewe tu na kuacha ukurasa mtupu uliouzunguka. Bila hiyo, nembo iliyochorwa katikati ya karatasi ya A4 itatoka na nafasi tupu pande zote, na zile pikseli 4,724 zitagawanywa kati ya nembo na utupu. Anayependa kutumia panya atapata dirisha la Export lenye nafasi ya kuandika upana kwa pikseli. Asiliache kama lilivyo: kipimo cha Inkscape kisipobadilishwa ni 96 kwa inchi, kipimo cha skrini, na nembo iliyochorwa kwa upana wa sentimita 5 itatoka na pikseli 189 tu.

Jambo hili la 96 huzaa hila mbaya kuliko zote, kwa sababu haigunduliki kwa kuhesabu. Wapo wanaotumia ImageMagick, chombo kingine cha bure, na kuandika hivi:

```
magick nembo.svg -resize 4724x nembo_80cm.png
```

Amri inaonekana sawa na faili linalotoka lina pikseli 4,724 kamili. Lakini programu husoma kwa mpangilio wa maneno. Kwanza imeigeuza nembo kuwa pikseli kwa kipimo chake cha kawaida, 189 kwa mfano wetu, kisha ndiyo ikazivuta zile 189 mara 25. Ulichopata ni picha kubwa ya ukungu iliyovaa namba nzuri. Msongamano lazima utajwe kabla ya jina la faili, ili vekta ichorwe moja kwa moja kwa ukubwa unaotakiwa:

```
magick -background none -density 2400 nembo.svg nembo_80cm.png
```

Hiyo 2400 isikutishe. Nembo ndani ya faili ina sentimita 5, ambazo ni inchi 1.97, na 1.97 mara 2400 inarudi kwenye 4,724 zetu. Ikishatandazwa kwenye bango kwa sentimita 80, pikseli zilezile zinakuwa 150 kwa inchi. Namba ya DPI iliyoandikwa ndani ya picha ni maelekezo tu ya ukubwa wa kuanzia inapowekwa kwenye ukurasa. Kuna mafundi wanaofungua picha ya pikseli 640 na kubadilisha namba 72 kuwa 300, kisha wanamwambia mteja ubora umepanda. Kama idadi ya pikseli haikubadilika, hakuna kilichopanda. Ikiwa imebadilika, basi kompyuta imebuni zilizoongezeka.

Hebu tuone picha ile ya WhatsApp ingefanya nini kwenye bango hili, maana ndiyo inayotumika mara nyingi. Tuseme ina upana wa pikseli 640. Zikitandazwa kwenye sentimita 80, kila pikseli inakuwa mraba wa milimita 1.25. Jicho litaendelea kuutambua mraba huo hadi mita nne na zaidi kidogo, yaani mstari wote wa mbele wa ukumbi utaona meno. Herufi ya sentimita 2 itakuwa na pikseli 16 kwa kimo, na mguu wa herufi utabaki na mbili tu. Matundu ya A na ya E yanaanza kuziba. Kwenye faili letu la 4,724 herufi hiyohiyo ina pikseli 118 kwa kimo, na nafasi ya kila tundu imebaki palepale.

Uzi mweupe nao una chanzo chake. Kompyuta inapogeuza mkunjo kuwa pikseli, hupaka zile za ukingoni rangi ya kati ili mkunjo uonekane laini. Nembo ikitolewa juu ya nyeupe, zile za ukingoni zimechanganywa na nyeupe. Baadaye mtu anafuta nyeupe ya nyuma kwa kifutio cha kuchagua rangi, anaiweka nembo juu ya bluu, na ule mstari mwembamba uliochanganyika unabaki umeizunguka. Kwa picha ya WhatsApp ni pete ya milimita moja na robo au zaidi. Dawa yake ni kuitoa nembo ikiwa na nyuma isiyo na rangi tangu mwanzo, kama amri zote mbili zilizo sahihi hapo juu zinavyofanya, na kuihifadhi kwa PNG au TIFF. JPEG haina uwezo wa kubeba nyuma tupu. Pia hubana kwa kutupa sehemu ya taarifa, na utupaji huo huacha vijidoa pembeni mwa herufi, mahali ambapo rangi zinabadilika ghafla. JPEG yenye ubora wa juu inafaa kwa bango lililokwisha kupangwa lote, lakini haifai kwa nembo ambayo bado itahamishwa.

Kabla ya hayo yote kuna jambo la kuhakikisha: je, lile faili la vekta ni vekta kweli? Nimeshakabidhiwa SVG na PDF ambazo ndani yake mlikuwa na picha ya pikseli iliyobandikwa tu kisha ikahifadhiwa kwa jina jipya. Likuze faili hadi asilimia 2,000 kwenye skrini. Vekta itabaki na ukingo safi kama wembe, ya bandia itaonyesha miraba. Kwa SVG unaweza pia kuuliza faili lenyewe:

```
grep -c "<image" nembo.svg
```

Jibu likiwa 0, hakuna picha iliyobandikwa. Likiwa 1 au zaidi, fungua uone kilichobandikwa ni nini, maana huenda ni kivuli kidogo tu, au ni nembo nzima.

Na kama vekta haipo popote? Mchoraji wa kwanza amehama, kompyuta yake imeibwa, kimebaki kipicha cha simu. Inkscape ina kitufe cha Trace Bitmap kinachofuata kingo za picha na kuzigeuza kuwa mistari. Kwa umbo nene lenye rangi moja au mbili na picha kubwa ya kuanzia, kinasaidia. Kwa herufi ndogo kinaharibu: pembe za mraba zinakuwa za duara, miguu ya herufi inapishana unene, na bango litatoka na ukingo mkali wa umbo lisilo sahihi. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko ukungu, kwa sababu chama kitaanza kulitumia kila mahali likidhaniwa ndiyo nembo. Ni afadhali kumlipa mchoraji aichore upya: duara kwa duara, fonti itafutwe na kuandikwa upya kwenye mkunjo. Nembo ya kawaida ya chama haimchukui mjuzi siku nzima, na haitalipiwa tena.

Rangi niitaje kwa ufupi. PNG hubeba rangi za skrini, na printa ina wino wake. Bluu ya kung'aa na kijani cha kuwaka vitafifia kidogo hata pikseli zikiwa kamili. Omba kipande kidogo kichapwe kwanza kwenye fleksi ileile, kabla ya mita tatu zote.

Ukali wenyewe unaweza kuupima bila kulipa chochote dukani. Fungua bango lililopangwa, kata kipande cha pikseli 1,000 kwa 1,000 palipo na maandishi madogo ya ukingo wa nembo, na ukichape kwenye karatasi ya A4 kwa 150 kwa inchi bila kuruhusu printa ikipunguze ili kitoshee. Kitatoka na upana wa karibu sentimita 17, ukubwa uleule kitakaokuwa nao kwenye bango. Kibandike ukutani, simama mita moja. Kama herufi ya sentimita 2 ina pembe zake na tundu la A liko wazi, peleka kazi dukani. Kama una shaka, rudi kwenye amri ya kugeuza, usiende kwenye kitufe cha kunoa picha. Kunoa huongeza weupe na weusi kwenye ukingo uliopo tu, na kwenye bango hutoka kama kivuli cha mwanga kuzunguka herufi.

Hesabu hii hubadilika bango linapokwenda juu. Bango la barabarani lililo mita 20 kutoka kwa msomaji wa karibu linaruhusu pikseli ya milimita karibu 6 kwa kipimo cha jicho, inchi moja ikawa na nne au tano tu. Hata tukizidisha mara kadhaa kwa ajili ya kingo za nembo, 20 au 30 kwa inchi inatosha kabisa. Mabango marefu kuliko mita 5 huleta kero nyingine: programu nyingi za PDF zina kikomo cha ukurasa cha inchi 200, ambazo ni mita 5.08. Hapo mafundi hupanga kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa, na pikseli kwa inchi huzidishwa kwa kumi, 30 ikawa 300 kwenye faili. Iandike skeli hiyo kwenye jina la faili, maana asiyeijua ataona 300 na kudhani ni bango dogo.

Tukirudi kwenye bango la mkutano, kilichokwenda dukani ni vitu viwili. Kwanza ni TIFF ya bango zima, pikseli 17,717 kwa 5,906, iliyobanwa kwa LZW, njia isiyotupa taarifa yoyote. Kwa kuwa sehemu kubwa ni bluu moja tupu, faili hupungua sana kutoka megabaiti 418 za kabla ya kubanwa. Cha pili ni PDF ya vekta ya nembo peke yake, ikiwa fundi atahitaji kuisogeza au kuikuza. Vyote vilipelekwa kwenye flashi. Anayelazimika kutumia WhatsApp achague kutuma kama hati, kwa sababu kinachotumwa kama picha hupunguzwa njiani, na fundi akipokea, asome pikseli kwanza kabla ya kubonyeza chochote:

```
magick identify bango_300x100cm_150.tif
```

Akiona 17717x5906, fleksi inaweza kufungwa kwenye mashine.